Nyumba chakavu: faida ya kwenye karatasi na faida ya kweli

Dhana: Nimenunua kwa 100 (weka sifuri zako mwenyewe), ukarabati 30, nauza 160, faida 30.

Ukweli: Hapo umehesabu vitu viwili tu. Kununua kwenyewe kuna mwanasheria na kodi ya kuhamisha umiliki, tuseme 5. Af kila mwezi nyumba ikiwa mikononi mwako inakula, riba ya mkopo, bima, ulinzi, umeme, tuseme 1 kwa mwezi, ulipanga miezi minne ila mpaka mnunuzi anakamilisha malipo imefika nane, kwa hiyo 8. Dalali na gharama za kuuza 10. Na ule ukarabati wa 30 umeishia 38. Jumla 161. Umeuza 160, umehangaika miezi nane na umetoa 1 mfukoni!

Ndo maana mimi naanza na bei ya kuuzia narudi nyuma: 160, toa faida unayoitaka, mfano 20, toa hizo gharama 61, inabaki 79. Hiyo ndo bei ya mwisho ya kununulia, muuzaji akigoma kushuka achana nayo hata kama umeshaipenda.

Dhana: Bajeti inapasuka kwa sababu mafundi ni wezi.

Ukweli: Wapo wa hivyo, lakini mara nyingi fundi alikadiria kile alichokiona tu. Chukua bafu, mmekubaliana kubadilisha taili na sinki, mnabandua taili mnakuta bomba la ndani ya ukuta limevuja muda mrefu, plasta imelowa inamomonyoka, na ubao wa sakafu umeoza. Sasa kazi ya taili imekuwa ya bomba, plasta, sakafu, na kusubiri ukuta ukauke, maana ukibandika taili juu ya unyevu zitabanduka tena, na huku kukauka kunakula wiki ambazo riba haisimami.

Kabla hujanunua nenda na bisibisi, choma mbao za paa na fremu za milango, ikizama kirahisi ujue zimeoza au mchwa wameshapita. Funga mabomba yote usome mita ya maji, ikiendelea kutembea kuna pahali panavuja. Nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, hasa zile pana, muite mhandisi kwanza, usizipakie rangi. Nyumba yenye waya na mabomba ya zamani mimi natenga 20 mpaka 30 kwa kila 100 ya makadirio, pembeni, siigusi kwa ajili ya kabati zuri zaidi.

Dhana: Isipouzika nitapangisha tu.

Ukweli: Umeshaweka 151 humo, yaani ile 161 ukitoa 10 za dalali na kuuza. Kodi ikiwa 1 kwa mwezi ni 12 kwa mwaka, toa mwezi mmoja nyumba iko tupu, toa 3 za matengenezo, bima na kodi ya jengo, unabaki na 8, yaani kama asilimia 5 hivi. Kama pesa yote ni ya mkopo wa riba ya asilimia 9, kila mwaka unaongezea karibu 6 kutoka mfukoni, na kuweka marumaru ghali hakukusaidii sana kwa sababu mpangaji analinganisha na kodi za nyumba jirani.