Kubadilishana sura kwenye picha: uanze na simu au kompyuta?

Kubadilishana sura ni kuuchukua uso wa mtu mmoja pichani na kuupachika kwenye kichwa cha mwingine, na mara nyingi wa yule wa pili nao unarudishwa kwa wa kwanza. Kinachohama ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: kuanzia juu kidogo ya nyusi hadi kidevuni, na pembeni kuishia kabla ya masikio. Nywele, masikio, shingo, kofia na umbo la kichwa vinabaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana ukimweka kijana mwenye uso mwembamba kwenye kichwa cha mtu mnene, unapata mtu wa tatu asiyefanana na yeyote kati yao.

Tuchukue picha moja tu tuifuate mpaka mwisho. Ni ya sikukuu ya Idi huko Ujiji: babu na mjukuu wake wa kiume wamekaa bega kwa bega kwenye mkeka chini ya mwembe. Babu ana baraghashia, ndevu nyeupe na makunyanzi ya kutosha. Mjukuu ana miaka zaidi ya ishirini na kidevu kitupu. Utani baina yao ni haki yao, na babu alipoulizwa kama anaridhia alijibu, "Fanya tu, mjukuu wangu. Mimi nipate meno, wewe upate heshima."

Kwa anayeanza, picha ya namna hii ni chaguo zuri kuliko picha mbili zilizopigwa siku tofauti. Watu wote wawili wamepigwa na mwanga uleule, kwa kamera ileile, kutoka umbali uleule. Kivuli cha pua ya babu kimelalia upande uleule kilikolalia cha mjukuu, kwa hiyo nusu ya kazi ya kulinganisha rangi imeshafanywa na jua. Kinachobaki ni kuhakikisha wote wanaitazama kamera, hakuna mkono uliokatiza uso, na hakuna mwenye miwani. Miwani husumbua simu na kompyuta vilevile: fremu moja inahama na uso, mikono yake inabaki masikioni.

Sasa simu. Unafungua apu, unachagua picha, unasubiri sekunde kadhaa, sura zimebadilishana. Kinachofanyika ndani ni hatua tatu. Kwanza apu inatafuta nyuso na kuweka alama kwenye macho, pua, mdomo na mstari wa taya. Pili, modeli iliyofundishwa tayari kwa picha nyingi za watu wengine inauchora upya uso, ikichukua utambulisho wa mtu mmoja na mkao wa mwingine. Tatu, uso huo mpya unashonewa mahali pake na kingo zinalainishwa. Wewe hujagusa chochote, na hapo ndipo uzuri na ubaya wa simu ulipo: ikipatia, umemaliza kabla chai haijapoa, ikikosea, huna pa kurekebisha zaidi ya kujaribu picha nyingine.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba hatua ya pili mara nyingi haifanyiki kwenye simu yako. Picha inasafirishwa hadi kwenye seva ya kampuni, inafanyiwa kazi huko, kisha inarudi. Kuna njia rahisi ya kujua: washa hali ya ndegeni, hakikisha Wi-Fi nayo imezimwa, kisha jaribu. Apu ikifanya kazi bila mtandao, kazi inafanyika mkononi mwako. Ikikataa, huenda picha inasafiri. Vichujio vya kamera, kama kile cha kubadilishana sura ambacho Snapchat walikileta mwaka 2016, hubadilisha sura papo hapo mbele ya kamera, ila matokeo yake ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kudanganya jicho. Kwa utani wa Idi hilo si kasoro hata kidogo.

Kama picha inasafiri, basi ridhaa ya babu haijakamilika. Amekubali kuchekwa na wajukuu. Hajaulizwa kama sura yake iende kwenye seva ya watu asiowajua. Muulize na hilo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, huyo ni babu yako. Apu ikiomba ruhusa ya picha, ipe ile moja uliyoichagua, siyo hifadhi nzima. Na apu ikikuambia jaribio la siku chache ni bure lakini inataka njia ya malipo kwanza, mimi ningeiacha, maana siku zikiisha huwa inakata pesa yenyewe.

Kisha kuna makunyanzi. Uso unaochorwa na modeli za haraka huwa mdogo. Modeli mashuhuri iliyotumiwa na programu huria za kompyuta kama roop inaitwa `inswapper_128`, na hiyo namba ina maana: uso unaotoka ni pikseli 128 kwa 128. Tuseme uso wa babu kwenye picha yetu umechukua pikseli 400 za upana. Uso wa pikseli 128 lazima uvutwe zaidi ya mara tatu ndipo utoshe, na kitu kilichovutwa hivyo hufifia. Ili kuficha ukungu, programu hupitisha uso kwenye modeli nyingine ya kunoa, nayo ikikutana na ngozi iliyofifia hukisia ngozi laini. Ukiona babu ametoka na mashavu ya mtoto na macho yanayong'aa kuliko sehemu nyingine ya picha, ndiyo hiyo. Apu za simu hazikuambii zinatumia modeli gani, lakini dalili ni zilezile: uso mlaini, shati kali.

Upande wa kompyuta, watu huchanganya vitu viwili vilivyo mbali sana. Kuna programu za kufundisha modeli yako mwenyewe, mfano DeepFaceLab. Hizo zinataka mamia ya picha za kila mtu, kadi ya michoro yenye nguvu, na saa nyingi za kuiacha mashine ikiwaka, wakati mwingine siku kadhaa. Umeme ukikatika katikati unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Zilitengenezwa kwa ajili ya video, na kwa picha moja ya Idi ni kukodi meli kuvuka mfereji. Achana nazo kwa sasa.

Kitu cha pili ni programu ya kuhariri picha kwa mkono, na hapa ndipo ninapompeleka anayeanza akiwa na laptopu yoyote. GIMP ni ya bure, haihitaji kadi maalumu, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Picha ya babu haitoki nje ya mashine. Unajifunza pia kitu ambacho simu inakificha, yaani kwa nini sura moja inakaa na nyingine haikai.

Fungua picha. Chukua `Free Select Tool`, zungushia uso wa mjukuu kuanzia juu ya nyusi hadi chini ya kidevu, nakili, kisha ubandike kama tabaka jipya. Usiukate kwa kubana. Acha ngozi ya ziada pembeni, utaifuta baadaye. Punguza `Opacity` ya tabaka hilo hadi 50 ili uone uso wa babu chini yake.

Kinachofuata ndicho kinachoamua kila kitu: macho juu ya macho. Chukua `Measure Tool`, pima kutoka mboni hadi mboni. Tuseme kwa babu ni pikseli 140 na kwa mjukuu ni 125. Gawa 140 kwa 125 unapata 1.12, maana yake uso wa mjukuu ukuzwe hadi asilimia 112. Kifaa hichohicho kinakuonyesha pembe. Kama mjukuu ameinamisha kichwa digrii 4 na babu amekaa wima, uzungushe uso digrii 4 kurudi. Kisha usogeze mpaka mboni zilaliane. Mdomo ukiwa chini au juu kidogo ya ule wa babu, usiuvute. Watu hawana nyuso za kipimo kimoja, na tofauti hiyo ndiyo itakayowafanya watu wamtambue mjukuu ndani ya baraghashia.

Rudisha `Opacity` hadi 100, ongeza `Layer Mask` nyeupe, halafu chukua brashi laini ya rangi nyeusi ufute kingo polepole. Ukifuta kupita kiasi, geuza brashi iwe nyeupe, ngozi inarudi. Chini ya ukingo wa baraghashia pana kivuli chembamba. Kiache kile cha babu, usikifunike. Bila hicho kofia inaonekana imeelea. Kwenye ndevu una uamuzi wa kufanya. Ukifuta kidevu cha mjukuu chote, ndevu za babu zinabaki na uso unakuwa wa kijana aliyezeeka ghafla, jambo ambalo kwa maoni yangu linachekesha zaidi. Ukikiacha kidevu, nywele nyeupe zitachungulia pembeni kama zimenyolewa vibaya.

Rangi huja mwisho. Hata kwenye picha moja, babu mwenye umri mkubwa na mjukuu anayeshinda juani kwenye mitumbwi hawana ngozi moja. Tumia `Color Balance` kidogokidogo, ukilinganisha shavu jipya na shingo ya mwenye kichwa, kwa sababu shingo haikuhama. Rudia yote kwa upande wa pili, safari hii ukigawa 125 kwa 140: uso wa babu unapunguzwa hadi karibu asilimia 89. Chukua uso wake kutoka picha ya asili, siyo kutoka ile uliyokwisha kuifunika.

Kukagua, itazame mara mbili. Ipunguze iwe ndogo kama kwenye orodha ya simu, hapo tofauti ya rangi ya uso na shingo inajitokeza yenyewe. Halafu ikuze hadi 200 upitie kingo; nyusi nne badala ya mbili ni kosa la kawaida, na linaonekana hapo tu.

Kwa mtu asiye na laptopu, au anayetaka kicheko cha dakika moja kwenye kundi la familia, simu inatosha, na kichujio cha kamera kinachofanya kazi bila mtandao ndicho ningeanza nacho. Video fupi nayo iache kwa simu. Hata kipande cha sekunde 10 ni picha 300 kama kimerekodiwa kwa picha 30 kila sekunde; laptopu ya kawaida ikitumia sekunde 3 kwa kila moja, ni robo saa nzima, feni ikilia.

Hifadhi kazi yako kama `.xcf` ili tabaka zibaki, kisha toa nakala ya `.jpg` ya kutuma. WhatsApp huipunguza picha ikitumwa kama picha, kwa hiyo itume kama hati ukitaka makunyanzi uliyoyahifadhi kwa jasho yafike. Maneno "Utani wa Idi, sura zimebadilishwa" yaandike juu ya picha yenyewe, kwenye kona, kwa sababu maelezo yanayoandikwa chini yake yanaweza kubaki nyuma picha ikianza kupita kundi hadi kundi.