Hasi ya Shira na mwanga wa Suheli

Naandika haya ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu, nirudi kwenye kazi zangu. Kila nikitaja nyota ya Shira na mag yake, yaani namba ya mwangaza wa nyota, swali huja lile lile: "Mwalimu, umesema Shira ni mag −1.46 na Dabarani ni mag 0.85. Nyota ya hasi inaizidije ya chanya? Hasi si chini ya sifuri, yaani haina mwanga?"

Jamani. Mag haipimi kiasi cha mwanga kama lita inavyopima maziwa. Ilianza kama nafasi, na aliyeshika namba moja darasani amemshinda aliyeshika namba sita. Sijaona mzazi akilalamika kuwa mwanawe amepata namba ndogo mno. Katika Almagesti, kitabu alichokiandika Ptolemayo kule Aleksandria katika karne ya 2, nyota zimegawanywa katika madaraja sita. La kwanza ni la zile angavu kabisa, la sita ni la zile ambazo jicho huziona kwa taabu. Vitabu vya shule hupenda kusema mpango huo ni wa Hipparko, aliyeishi karne tatu hivi kabla yake. Labda. Lakini orodha ya Hipparko karibu yote imepotea, kwa hiyo mimi siapi.

Daraja la kwanza lilikuwa kama gunia. Shira ilitiwa humo, Dabarani humo humo, ingawa Shira hutuletea mwanga zaidi ya mara 8. Mwaka 1856 mwanafalaki Norman Pogson, aliyekuwa Oxford, alipendekeza kanuni: tofauti ya mag 5 iwe mara 100 kamili. Kwa hiyo mag moja ni mara 2.512 hivi. Hakuyageuza madaraja ya zamani. Aliyapa tu hesabu, yakabaki yakielekea kule kule. Ukishapima kwa kanuni hiyo, Shira haitoshi kwenye moja, wala kwenye sifuri, inavuka upande wa pili. Hasi imetoka hapo, basi. Jua nalo liko huko, −26.7.

Sasa tuingie kwenye lile linalonikera zaidi: "Shira ndiyo nyota yenye nguvu kuliko zote." Katikati ya Februari, kwenye saa tatu usiku, toka nje ukiwa Dar es Salaam. Shira iko karibu na utosi. Ukishuka na macho kuelekea kusini, kama nusu ya njia kufika upeo wa macho, utaiona Suheli. Suheli ni mag −0.74, kwa hiyo Shira inaizidi karibu mara mbili. Huo ni mwangaza unaoonekana, na unachanganya mambo mawili: nyota inatoa mwanga kiasi gani, na iko mbali kiasi gani. Shira iko umbali wa miakanuru 8.6. Suheli iko kwenye 310 hivi.

Ili tuzilinganishe kwa haki, tunajifanya kila nyota imewekwa umbali wa parseki 10, yaani miakanuru 32.6. Mag ambayo ingekuwa nayo hapo ndiyo mwangaza halisi:

```
M = m - 5 log10(d/10)
```

Hapa m ni mag tunayoiona, M ni mwangaza halisi, na d ni umbali kwa parseki. Shira iko parseki 2.64, kwa hiyo tunaisukuma mbali, na mag yake inapanda kutoka −1.46 hadi 1.4. Suheli iko parseki 95 hivi. Tunaivuta karibu, na mag inashuka kutoka −0.74 hadi −5.6. Tofauti ni mag 7, na mag 7 ni zaidi ya mara 600. Shira inashinda kwa ujirani tu. Jua letu, likiwekwa hapo hapo, lingekuwa mag 4.8, ungelitafuta kijijini kwenye giza na mjini usingelipata.

Ukipata M kubwa kuliko m kwa nyota iliyo mbali zaidi ya parseki 10, umekosea alama mahali fulani. Rudia.

Ila neno "halisi" lisikulevye. Kanuni ile haijui habari ya vumbi lililo kati yetu na nyota. Vumbi likimeza mwanga, nyota itaonekana dhaifu kuliko ilivyo mpaka ulitoe kwenye hesabu, na kujua ni kiasi gani cha kutoa ni kazi yenye ubishi. Halafu kuna umbali wenyewe. Kwa Shira sina wasiwasi. Kwa Dhanabu, ile angavu ya kundi la Dajaja, makadirio yanatoka miakanuru 1,400 hivi hadi 2,600, na pengo hilo peke yake linasogeza mwangaza halisi kwa zaidi ya mag moja. Jedwali likikupa M ya Dhanabu yenye tarakimu mbili baada ya nukta, ile ya pili usiihangaikie, na ya kwanza pia.