Tegeta hadi Posta kwa baiskeli, pikipiki au daladala: hesabu ya siku mbaya

Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mijini, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na watu wanaoishi pembezoni mwa Dar es Salaam ni hili: kwa mtu anayekwenda mjini kila siku, kipi kinafika haraka kati ya daladala, pikipiki na baiskeli? Kwa miaka mingi nilijibu kwa kutaja muda wa wastani wa kila chombo. Nimeacha, kwa sababu wastani haumsaidii mtu anayetakiwa kuwa kazini saa 2:00 asubuhi. Saa yake ya kutoka nyumbani haipangwi na siku ya kawaida. Inapangwa na siku ile ambayo mvua imenyesha, lori limeharibika Lugalo, na daladala tatu zimepita zikiwa zimejaa.

Ninaishi Tegeta, mtaa wa ndani, mwendo wa dakika 9 kwa miguu hadi kituoni, na ofisi yangu iko Posta. Barabara ni ya Bagamoyo: Tegeta, Afrikana, Lugalo, Mwenge, Makumbusho, Morocco, kisha Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Daraja la Selander na kuingia mjini. Jumla ni kama kilomita 22. Nilisafiri asubuhi 20 kwa kila chombo, nikitoka mlangoni saa 12:15 kila siku, na nikaandika muda tangu kufunga mlango wa nyumba hadi kufungua mlango wa ofisi. Kisha nilizipanga zile siku 20 kuanzia ya haraka hadi ya kuchelewa sana. Namba ninayoitazama ni ya siku ya 19, kwani ukijipanga kwa muda huo unakubali kuchelewa mara moja tu katika siku 20, yaani takriban mara moja kwa mwezi wa kazi.

Kwa daladala, siku ya haraka ilikuwa dakika 68, siku ya katikati dakika 97, na siku ya 19 dakika 142. Kwa pikipiki zilikuwa 43, 48 na 57. Kwa baiskeli zilikuwa 84, 89 na 96. Ukitazama siku za katikati peke yake, baiskeli inaishinda daladala kwa dakika 8 tu, tofauti ambayo hakuna mtu angetoka jasho kwa ajili yake. Ukitazama siku ya 19, tofauti inakuwa dakika 46.

Sababu ya daladala kutotabirika si foleni ya magari peke yake, ingawa ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Nusu ya tatizo inaanzia kituoni kabla hujapanda. Dereva na konda wanatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao, kwa hiyo hawana sababu ya kuondoka mwanzo wa ruti na viti vitupu. Gari huondoka likiwa limejaa, na mtu aliye kituo cha tatu au cha nne analiona likipita. Zaidi ya hapo, magari hayapiti kwa nafasi sawa. Gari lililochelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kwenye kila kituo, hivyo linachelewa zaidi, ilhali lile la nyuma yake hukuta vituo vimekwisha kufagiliwa na kulifikia la mbele. Ndiyo maana unasubiri dakika 20 bila kitu, kisha magari matatu yanafika kwa pamoja. Katika siku zangu 20, muda wa kusubiri peke yake ulikuwa kati ya dakika 2 na dakika 38.

Wakazi wa Dar es Salaam walikwisha kulipatia tatizo hili dawa bila kufundishwa na mtaalamu yeyote: kugeuza na gari. Unapanda daladala inayoelekea mwisho wa ruti, kinyume na uendako, unalipa nauli, unakaa kwenye kiti, na gari likigeuza unalipa tena kwenda mjini. Wapo wanaoiona tabia hii kuwa hasara. Mimi naiona kuwa ununuzi wa busara, kwa sababu anayegeuza analipia uhakika pamoja na kiti. Nilipojaribu kugeuza kwa asubuhi 10, muda wa katikati uliongezeka hadi dakika 104, lakini siku mbaya kuliko zote ilikuwa dakika 126. Nauli niliyokuwa nikilipa ilikuwa shilingi 900 kwa safari nzima na 600 ya kugeuza, kwa hiyo kwa siku 22 za kazi uhakika huo uligharimu shilingi 13,200 juu ya zile 39,600 za kwenda na kurudi.

Kuna pingamizi la haki kwa hesabu yangu. Mtu atasema kwamba nikitoka saa 11:30 alfajiri barabara inakuwa wazi, na zile dakika 142 hazitatokea. Ni kweli, na nilipima: katika asubuhi 10 za kutoka saa hiyo, siku mbaya ilikuwa dakika 88. Lakini maana yake ni kufika saa moja kasorobo na kukaa kwenye benchi la mlinzi hadi ofisi ifunguliwe. Dakika zimetoka barabarani zikahamia kwenye benchi, na usingizi haujarudi. Atakayepima ruti yake asisahau jambo hili: muda uliopima ni wa saa uliyotoka, na ukibadilisha saa unapaswa kupima upya.

Pikipiki na baiskeli hazina mtawanyiko huo kwa sababu moja iliyo wazi: haziingii kwenye mstari. Askari wa usalama barabarani anapoongoza makutano kwa mkono asubuhi, huweza kuushikilia upande mmoja kwa dakika nyingi, na magari mia yanasimama. Mwenye magurudumu mawili anapenya hadi mbele na kuondoka na kundi la kwanza. Foleni iwe ya mita 200 au ya kilomita 2, yeye anasubiri askari mara moja tu.

Kupenya huko ndiko kunakonifanya nisimshauri kila mtu pikipiki, ingawa kwa muda ndiyo mshindi. Hatari haiko kwenye mwendo wa chombo peke yake, bali kwenye tofauti kati ya mwendo wako na wa magari unayoyapita. Magari yakiwa yamesimama nawe unapita kwa kilomita 40 kwa saa, unahitaji sekunde moja ya kushtuka, ambayo ni mita 11, kisha mita 10 hivi za kufunga breki kwenye lami kavu. Jumla ni mita 21. Ukipita kwa kilomita 20 kwa saa unahitaji mita 8. Basi dogo aina ya Kosta lina urefu wa kama mita 7. Abiria aliyechoka kukaa kwenye foleni huomba kushuka popote, mlango wa kushoto unafunguka, na anaingia kwenye upenyo wako bila kuangalia nyuma. Kwa mwendo wa 20 unayo nafasi ya kusimama ukimwona kwa umbali unaozidi kidogo urefu wa gari moja. Kwa mwendo wa 40 huna.

Zile dakika 48 nilizipata kwa kujiwekea kikomo hicho cha 20 kila nilipopita magari yaliyosimama. Kwenye ruti yangu foleni huchukua kama kilomita 8, ambazo kwa mwendo huo ni dakika 24. Ningepita kwa 40 ningezimaliza kwa dakika 12. Hizo dakika 12 ndizo zinazowavuta vijana wengi, na nakiri kwamba si chache. Mtu anayejijua kuwa hawezi kuziacha kila asubuhi, mwaka mzima, asinunue pikipiki kwa safari hii. Gharama nayo si ndogo: kilomita 968 kwa mwezi, kwa pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita, ni lita 21 na nusu za petroli. Ukiongeza oili, mnyororo, matairi, bima na kushuka kwa thamani ya chombo, kwangu ilifika takriban shilingi 110,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya daladala hata ukigeuza na gari.

Kwa baiskeli, kinachoogopwa zaidi ni jasho, na hapa watu hukosea kidogo. Mwili unaopiga pedali hugeuza kama robo tu ya nguvu yake kuwa mwendo. Inayobaki ni joto. Kwa mwendo wa pole wa kilomita 16 hadi 17 kwa saa kwenye barabara iliyo tambarare, joto hilo huhitaji karibu nusu lita ya jasho kwa saa ili litoke, na zaidi ya hapo pale unyevunyevu unapokuwa mwingi. Ukiwa unakwenda, upepo wa mwendo wako hulikausha na huoni kitu. Unaposimama mlangoni mwa ofisi, upepo unakatika lakini joto bado limo mwilini, na ndipo shati linapoloa. Kwa hiyo kilomita 2 za mwisho, baada ya Selander, naziendesha taratibu sana, kisha nakaa kivulini dakika 10 kabla ya kujifuta na kubadili nguo. Anayekimbilia bombani mara tu anaposhuka hujikuta anatoka jasho tena ndani ya shati safi.

Hesabu nzima basi ni hii, kwa namba za kutoka saa 12:15 peke yake. Ili niwe kazini saa 2:00 nikiwa na uhakika wa siku 19 kati ya 20, pikipiki inaniruhusu kutoka saa 1:03. Baiskeli, nikiongeza dakika 20 za kupoa na kubadili nguo, inanitaka nitoke saa 12:04. Daladala ya kubahatisha inanitaka saa 11:38 alfajiri, au saa 11:54, mapema kidogo tu kuliko baiskeli, nikigeuza na gari.

Nimechagua baiskeli kwa siku tatu za juma na daladala ya kugeuza kwa siku mbili, kwa sababu kilomita 44 kwa siku, siku tano mfululizo, magoti yangu hayakuzistahimili zaidi ya wiki ya tatu. Ningekuwa naishi Mwenge, kilomita 10 hivi kutoka Posta, ningepanda baiskeli kila siku. Wanaoishi kando ya njia ya mwendokasi ya Kimara, iliyoanza mwaka 2016, wasitumie namba zangu za daladala, maana basi lenye njia yake haliingii kwenye foleni ile, na mashaka yao yote yako kituoni.

Jioni hesabu inageuka, kwani hakuna anayekusubiri kwa saa maalumu, na kitu cha kuangalia ni giza na upepo. Mwezi Juni jua huzama kama saa 12:15, nami nikitoka saa 11:00 nakuwa bado niko karibu na Afrikana, kwa hiyo miezi hiyo sitoki bila taa nyekundu nyuma. Kusi ikivuma inanisukuma kuelekea nyumbani. Kaskazi, kuanzia Novemba, hunipinga, na safari ya dakika 89 hufika dakika 105. Siku hizo huiacha baiskeli ofisini chini ya ngazi na kurudi kwa daladala ya saa 2 usiku, wakati viti vinapatikana bila kugombaniwa.