Umbo la kwadratiki lililo chanya kamili: kulitambua kwa thamani aigeni au kwa ditaminanti za kona

Umbo la kwadratiki ni mtajo ambao kila kipande chake ni zao la vigeu viwili: ama kigeu kimoja kimezidishwa kwa chenyewe, kama x², ama viwili tofauti, kama xy. Halina x peke yake wala namba tupu. Tutafanya kazi na umbo hili:

Q = 2x² + 5y² + 3z² + 4xy − 2xz

Umbo huitwa chanya kamili iwapo thamani yake ni kubwa kuliko sifuri kwa kila x, y, z, isipokuwa pale vyote vitatu vinapokuwa sifuri. Kuona namba chanya mbele ya x², y² na z² hakutoshi. Mtajo x² + y² + 4xy una namba chanya tupu, lakini ukiweka x = 1 na y = −1 unapata −2. Vipande vya mseto, yaani xy, xz na yz, ndivyo vinavyoweza kuvuta thamani chini ya sifuri, na swali lote ni kama vina nguvu ya kutosha kufanya hivyo.

Kazi huanza kwa kuandika matriki linganifu ya umbo. Namba zilizo mbele ya x², y² na z² zinakaa kwenye mshazari mkuu. Namba ya kila kipande cha mseto inagawanywa kwa mbili, kisha kila nusu inakwenda upande wake wa mshazari. Hapa 4xy inatoa 2 na 2, na −2xz inatoa −1 na −1. Hakuna yz, kwa hiyo nafasi zake ni sifuri.

```
 2   2  −1
 2   5   0
−1   0   3
```

Makosa mengi hutokea hapa, kabla hata ya hesabu yenyewe kuanza. Mtu akisahau kugawanya kwa mbili ataweka 4 mahali pa 2, na kona ya mbili kwa mbili itampa 2·5 − 4·4 = −6. Atahitimisha kwamba umbo si chanya kamili, na atakuwa amekosea. Njia ya haraka ya kujikagua ni kuweka x = 1, y = 1, z = 0. Mtajo wa awali unatoa 2 + 5 + 4 = 11. Kwenye matriki, jumlisha namba nne za kona ya juu kushoto: 2 + 2 + 2 + 5 = 11. Matriki yenye kosa ingetoa 15.

Sasa turudi kwenye mtajo wenyewe na kukamilisha miraba, kigeu kimoja baada ya kingine. Kukusanya kila chenye x kunatoa 2(x + y − z/2)². Ukiutanua mraba huo na kuutoa kwenye Q, kinachobaki ni 3y² + 2yz + (5/2)z². Kukusanya kila chenye y kunatoa 3(y + z/3)², na kinachobaki ni (13/6)z². Kwa hiyo:

Q = 2(x + y − z/2)² + 3(y + z/3)² + (13/6)z²

Namba zilizo mbele ya miraba ni 2, 3 na 13/6, zote chanya. Q haiwezi kushuka chini ya sifuri, na ili iwe sifuri kamili lazima z iwe 0, kisha y iwe 0, kisha x iwe 0. Umbo ni chanya kamili, na hatujagusa ditaminanti hata moja.

Ditaminanti zinaleta namba hizo hizo kwa mlango mwingine. Chukua kona ya juu kushoto ya matriki ikiwa na namba moja, kisha mbili kwa mbili, kisha matriki nzima, na utafute ditaminanti ya kila moja. Ya kwanza ni 2. Ya pili ni 2·5 − 2·2 = 6. Ya tatu, ukiifungua kwa safu ya kwanza, ni 2(15) − 2(6) − 1(5) = 13. Sasa gawanya kila moja kwa iliyoitangulia: 6/2 = 3, na 13/6. Ukianza na 2 yenyewe, umepata namba zilezile zilizokuwa mbele ya miraba.

Kuna sababu. Kukamilisha miraba ni sawa na kuondoa vigeu kwenye matriki safu kwa safu. Toa safu ya kwanza kwenye ya pili, na safu ya pili inakuwa 0, 3, 1. Ongeza nusu ya safu ya kwanza kwenye ya tatu, nayo inakuwa 0, 1, 5/2. Toa theluthi ya safu ya pili kwenye ya tatu, na mwisho wake ni 13/6. Kuongeza kigawe cha safu ya juu kwenye safu iliyo chini yake hakubadilishi ditaminanti ya kona yoyote. Kwa hiyo ditaminanti ya kila kona ni zao la namba za mshazari zilizobaki: 2, halafu 2·3, halafu 2·3·13/6. Namba hizo zote zikiwa chanya, ditaminanti zote za kona ni chanya, na kinyume chake pia ni kweli. Hicho ndicho kigezo kinachobeba jina la mwanahisabati Mwingereza James Joseph Sylvester (1814–1897).

Ukikielewa kigezo kwa njia hii, utajua pia mahali kinapokoma. Umbo hasi kamili lina miraba yenye namba hasi tupu, kwa hiyo ditaminanti za kona zinabadilishana alama: hasi, chanya, hasi, na kuendelea. Wanaodai kwamba zote lazima ziwe hasi wanasahau kwamba zao la namba mbili hasi ni chanya. Ditaminanti ya kona ya mbili kwa mbili ikiwa hasi, basi umbo lina thamani chanya mahali fulani na hasi mahali pengine, vyovyote zilivyo nyingine.

Shida kubwa zaidi ni sifuri. Tuligawanya kila ditaminanti kwa iliyoitangulia, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Kona ikitoa sifuri, una uhakika kwamba umbo si chanya kamili, lakini kigezo hakikuambii zaidi ya hapo. Wengi hulegeza sharti na kusema kwamba ditaminanti za kona zikiwa sifuri au zaidi, basi umbo halishuki chini ya sifuri. Huo si ukweli. Angalia matriki hii:

```
1  1  1
1  1  1
1  1  1/2
```

Ditaminanti za kona ni 1, 0 na 0. Hakuna hasi hata moja. Lakini umbo lake ni (x + y + z)² − z²/2, na kwa x = −1, y = 0, z = 1 linatoa −1/2. Kusema umbo halishuki chini ya sifuri kunahitaji ukague kila ditaminanti inayopatikana kwa kubakiza safu mlalo na safu wima zenye namba zilezile, si za kona tu. Kwa matriki ya tatu kwa tatu hizo ni saba. Hapa ukibakiza ya pili na ya tatu unapata 1·(1/2) − 1·1 = −1/2, na siri inafichuka.

Mahali kama hapo thamani aigeni zina manufaa zaidi. Thamani aigeni ni namba λ ambayo kwayo kuna vekta isiyo sifuri v yenye sifa kwamba matriki ikizidisha v inatoa λv: vekta inarefuka, inafupika au inageuka kinyume, lakini inabaki kwenye mstari wake. Matriki linganifu yenye namba halisi ina thamani aigeni halisi tupu, na vekta zake zinaweza kuchaguliwa ili kila moja ifanye pembe mraba na nyingine. Ukizungusha mihimili ifuate vekta hizo, vipande vyote vya mseto vinatoweka na Q inabaki λ₁p² + λ₂q² + λ₃r², ambapo p, q na r ni vigeu vya mihimili hiyo mipya. Zote zikiwa chanya, umbo ni chanya kamili. Kukiwa na sifuri bila hasi, umbo halishuki chini ya sifuri lakini linaigusa nje ya chanzo. Kukiwa na chanya na hasi, alama zinachanganyika.

Kwa mfano wetu mlinganyo wa kuzitafuta ni λ³ − 10λ² + 26λ − 13 = 0. Hauna jibu zuri la namba kamili, na hatulihitaji. Ukiweka λ hasi au sifuri, kila kipande upande wa kushoto kinakuwa hasi au sifuri, na −13 ipo daima, kwa hiyo jumla haiwezi kuwa sifuri. Thamani aigeni zote ni chanya bila kutafuta hata moja. Ukizitaka zenyewe, kompyuta inazitoa:

```python
import numpy as np
A = np.array([[2, 2, -1], [2, 5, 0], [-1, 0, 3]])
print(np.linalg.eigvalsh(A))
```

Zinatoka takriban 0.654, 3.278 na 6.069. Iliyo ndogo kabisa inasema jambo ambalo ditaminanti hazisemi waziwazi: Q haishuki chini ya takriban 0.65 mara x² + y² + z². Angalia pia kwamba si namba zilezile za miraba, 2, 3 na 13/6. Thamani zinatofautiana, idadi ya chanya, hasi na sifuri ndiyo isiyobadilika.

Uwe mwangalifu na `eigvalsh`, kwa kuwa inasoma nusu ya chini ya matriki tu na haikagui ulinganifu. Ukiandika x² + 4xy + y² kama `[[1, 4], [0, 1]]`, inaona sifuri chini ya mshazari na kutoa 1 na 1, kana kwamba umbo ni chanya kamili. Hata ditaminanti za kona za matriki hiyo ni 1 na 1. Gawanya 4 katika 2 na 2, na majibu sahihi yanatoka: thamani aigeni 3 na −1, ditaminanti 1 na −3. Pia thamani kama −2e-16 kando ya thamani zinazokaribia 6 ni kosa la kukadiria la kompyuta; ichukulie kuwa huenda ni sifuri, na usiitangaze kuwa hasi.

Kuna hali moja ambayo mimi ningechagua ditaminanti bila kusita: pale matriki inapokuwa na namba isiyojulikana. Badilisha 3z² kuwa cz². Kona mbili za kwanza hazibadiliki, 2 na 6, na ya tatu inakuwa 6c − 5. Umbo ni chanya kamili pale tu c inapozidi 5/6. Kwenye c = 5/6 kamili, mraba wa tatu unatoweka na umbo linakuwa sifuri kwenye mstari mmoja: y = −z/3, x = 5z/6. Weka x = 5, y = −2, z = 6 na ujumlishe: 50 + 20 + 30 − 40 − 60 = 0. Kwa thamani aigeni ungelazimika kubishana na mlinganyo wa daraja la tatu wenye c ndani yake ili ufike hapo hapo.