Usiandike "Moyo" katikati: ramani ya mawazo ya sura ya usafirishaji wa damu

Binti wa jirani yangu hapa Area D yuko kidato cha pili. Jumamosi moja alikuja barazani na karatasi ya nyuma ya kalenda, kalamu za rangi nne, na ramani ya mawazo aliyoichora usiku. "Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie." Katikati aliandika MOYO, akauchora vizuri kweli. Kutoka pale yalitoka matawi kumi na moja: vyumba, vali, ateri, vena, kapilari, plazima, seli nyekundu, seli nyeupe, chembe sahani, oksijeni, magonjwa. Yote yalitoka palepale katikati, yote na unene mmoja.

Nikamwambia anisomee kila tawi kuanzia katikati kwenda nje, kama sentensi. "Moyo una vyumba," sawa. "Moyo una vali," sawa. Alipofika "Moyo una plazima" alisita, akacheka mwenyewe. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza, nimekitumia miaka mingi darasani. Tawi likigoma kusomeka pamoja na katikati, mara nyingi tawi lenyewe halina kosa; kilichokosewa ni katikati. Moyo ni kiungo kimoja tu ndani ya sura hii. Ukiuweka katikati, nusu ya sura inakosa mahali pa kukaa, inaanza kuning'inia popote.

Kosa la upande wa pili ni kuandika kichwa cha sura kama kilivyo, "Usafirishaji kwa Mamalia", ukaishia hapo. Kichwa hicho kinapokea kila kitu, kwa hiyo hakikusaidii kuamua lolote. Katikati pafae sentensi fupi yenye kitenzi, inayosema sura nzima inadai nini.

Tuliitafuta hivi. Alikata karatasi vipande kama thelathini, kila kimoja akaandika neno moja la sura. Upepo wa Dodoma mnaujua, kwa hiyo tulivibana kwa kokoto. Kisha nikamuuliza maji ya bombani kwao yanatoka wapi. Mzakwe, kwenye visima. Kuna nini kule? Pampu. Halafu? Mabomba, na ndani yake maji. Basi akaanza kupanga vipande: vya pampu huku, vya mabomba kule, vya kinachopita ndani mahali pake. Mafungu matatu yakajipanga haraka kuliko nilivyotarajia.

Vikabaki vipande visivyo na fungu: mapafu, ini, figo, mzunguko wa mwili, mzunguko wa mapafu. Hapo mfano wa maji ukafika mwisho wake, na hapo ndipo penye faida. Maji ya Mzakwe yakifika kwako hayarudi kisimani kwa bomba jingine. Damu hurudi. Tena hurudi moyoni mara mbili katika safari moja kamili: mara moja ikitoka mapafuni, mara moja ikitoka mwilini. Fungu la nne likawa safari yenyewe, na katikati tukaandika: DAMU HUZUNGUKA, HUPELEKA NA KURUDISHA.

Matawi makuu yakawa manne: kinachosafiri, kinachosukuma, inamopita, safari yenyewe. Tuliyataja kwa lugha ya maswali makusudi, kwa sababu kila kitu kinachokaa chini ya tawi lazima kijibu swali la tawi lile. Seli nyekundu zinajibu "nini kinasafiri", basi zinakaa huko, na himoglobini inakaa chini yake kwa kuwa imo ndani yake. Tawi la magonjwa nililifuta kabisa. Selimundu ni kasoro ya himoglobini, ikae pale pale. Shinikizo la juu la damu likae kwenye ateri. Ugonjwa ukiutundika mahali pa kitu kilichoharibika, dalili zake unaweza kuzifikiria mwenyewe bila kukariri.

Binti aliitetea oksijeni sana, alitaka iwe tawi. Lakini oksijeni iko kwenye himoglobini, iko mapafuni, iko ndani ya karibu kila ateri. Kitu kinachoonekana kila tawi hakifai kuwa tawi, kifanye rangi. Kwenye tawi la safari alitumia nyekundu kwa damu yenye oksijeni nyingi na buluu kwa yenye oksijeni kidogo. (Damu haiwi buluu, jamani. Inakuwa nyekundu iliyokolea. Buluu ni ya kalamu tu.)

Sasa tawi la mishipa, ambalo ndilo lenye mtego. Chini ya ateri, mstari wake wa kwanza ulisema "damu yenye oksijeni". Chini ya vena, "damu isiyo na oksijeni". Nikamwambia afuate safari kwa kidole kutoka ventrikali ya kulia. Kidole kikaingia kwenye ateri ya mapafu, kikiwa juu ya rangi ya buluu. Akaangalia tawi la mishipa, akaangalia kidole. "Mwalimu, mbona hapa ateri ina buluu?"

Ramani iliyopangwa vizuri hukugombanisha mwenyewe namna hii. Muhtasari wa daftari ungemwacha apite. Tatizo lilikuwa ngazi. Oksijeni ni sifa ya ateri nyingi, ila siyo inayoifanya ateri iwe ateri. Kinachoifanya ni mwelekeo: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Kwa hiyo mwelekeo ndio ukae kwanza, karibu na jina. Unene wa ukuta ukae chini yake, maana unatokana nao: damu inayotoka moyoni ina msukumo mkubwa, ukuta unapaswa kuuhimili. Kapilari, yenye ukuta wa unene wa seli moja, ikapata sababu yake pia, kwamba pale ndipo vitu hutoka na kuingia.

Tony Buzan, Mwingereza aliyeieneza mbinu hii tangu miaka ya 1970, alitaka neno moja kwa kila mstari. Kwa biolojia mimi simfuati sana. "Ateri – ukuta" haikuambii kitu. "Ukuta mnene huhimili msukumo" inakuambia. Maneno matatu au manne, moja liwe kitenzi.

Mistari ya nukta inayounganisha tawi na tawi niliibana isizidi mitatu, na kila mmoja uandikwe sababu juu yake. Wa kwanza ulitoka ukuta mnene wa ventrikali ya kushoto ukaenda kwenye mzunguko wa mwili: "inasukuma mbali zaidi". Swali hilo hutokea sana kwenye mitihani, na jibu lake limo kwenye mstari, halimo kwenye tawi lolote peke yake.

Ramani ina pabaya pake. Haijui kupanga hatua. Njia ya damu kutoka vena kava hadi aota ukiichora kama matawi, utaikosea tu. Tawi la safari tulilichora kama namba nane, moyo ukiwa pale inapokatana.

Tulichora yote kwa Kiswahili kwanza, halafu istilahi za Kiingereza akaziandika kwa penseli pembeni, maana mtihani ndiyo lugha yake.

Kesho yake jioni nilimpa karatasi tupu na dakika kumi na tano, ile ya kwanza nikaikalia. Alirudisha karibu yote. Pengo lilikuwa moja: vali aliziandika moyoni tu, kwenye vena hakuna kitu. Nilimgusia miguu, damu inavyopanda kutoka kwenye vifundo hadi moyoni bila moyo mwingine huko chini. Akanyamaza kidogo, akaandika vali chini ya vena, akavuta mstari wa nukta hadi vali za moyo, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: KURUDI NYUMA MARUFUKU.