Sura ya wastani si sura ya kawaida

Ukisema utafiti umeonyesha kwamba sura ya wastani inavutia, utajibiwa kuwa basi warembo ni watu wa kawaida tu. Hapo maneno mawili yamechanganywa. Sura ya wastani ni sura iliyokokotolewa: vipimo vya nyuso nyingi vinajumlishwa, kisha vinagawanywa kwa idadi yake.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, wasat, yaani katikati. Ripoti za shule ndizo zilizolishusha hadhi, hata "wastani" akawa yule aliyeponea chupuchupu. Kwenye hesabu halisifu wala halilaumu. Pua tatu zenye upana wa milimita 34, 38 na 45 zina wastani wa 39, na kati ya wenye pua hizo hakuna hata mmoja mwenye 39. Endelea hivyo kwa macho, midomo na taya, utapata uso usioukuta mtaani, kwa sababu aliye katikati kwa pua huwa pembeni kwa kidevu. Uso wa wastani ni adimu.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Judith Langlois na Lori Roggman walichanganya picha za wanafunzi kwa kompyuta: nyuso 2, 4, 8, 16, hadi 32. Picha zilizochanganya nyuso 16 na 32 zilipewa na watazamaji alama za mvuto za juu kuliko wastani wa alama za nyuso zilizoziunda. Wakosoaji walisema ni ngozi tu, maana chunusi ya huyu na kovu la yule haviangukii mahali pamoja, hivyo vinafifia. Hoja hiyo ina uzito. Dawa yake ni kuweka alama kwenye pembe za macho, pua na midomo, kusogeza umbo peke yake kuelekea wastani, na kuiacha ngozi ilivyo. Umbo pekee nalo huongeza mvuto.

Wengine hudai siri yote ni ulinganifu wa kushoto na kulia. Ulinganifu unachangia, lakini picha za uso wa upande hazina kushoto na kulia, na bado zilizo karibu na wastani hupendwa zaidi. Na ukitaka kuupima ulinganifu, usinakili nusu ya uso kama kwenye kioo: pua iliyopinda kidogo itatoka nene mno au nyembamba mno. Changanya uso mzima na taswira yake iliyogeuzwa.

Wastani wa nani, basi? Kwa Wahadzabe wa Tanzania, utafiti wa 2007 ulikuta wanapendelea mchanganyiko wa nyuso 20 kuliko wa 5 pale nyuso zilipokuwa za Wahadzabe. Kwa nyuso za Wazungu upendeleo huo haukuonekana. Inaelekea jicho hupima kwa nyuso lilizozizoea.

Na tusiseme wastani ndio kilele. Mwaka 1994 mwanasaikolojia David Perrett na wenzake walichanganya nyuso 60 za wanawake, kisha 15 tu zilizopendwa zaidi kati ya hizo. Watazamaji walichagua mchanganyiko wa 15.