Mbona besi haikurudi?

Mwanafunzi mmoja aliniletea matokeo akiwa amenuna. Alitaka kuunganisha molekuli mbili za ethili asetati ili apate ethili asetoasetati. Alipima esta gramu 88, yaani moli 1, akatia sodiamu ethoksaidi gramu 3.4 tu. Hesabu yake ilimwahidi zao la gramu 65. Alipata chini ya gramu 6.

Kosa lake naliona mara nyingi, na chanzo chake ni karatasi. Ukiandika hatua za mmenyuko, ethoksaidi hunyakua protoni ya esta ya kwanza. Kaboni iliyobaki na chaji hasi huivamia kabonili ya esta ya pili, na esta hiyo hutema ethoksaidi. Besi imetoka, besi imerudi. Nani asingedhani ni kichocheo?

Tatizo ni kwamba hatua hizo zote hazina hamu ya kwenda mbele. pKa ya esta ni kama 25, ya ethanoli ni 16, kwa hiyo ethoksaidi huweza kunyang'anya protoni esta chache mno. Hata kuungana kwenyewe hurudi nyuma kwa urahisi. Ukiishia hapo, chupani utakuta esta uliyoanza nayo.

Kinachookoa ni zao lenyewe. CH2 yake imebanwa kati ya kabonili mbili, na pKa yake ni karibu 11. Ethoksaidi ikikutana nayo huichukua protoni hiyo papo hapo, na kwa tofauti ya pKa 5 msawazo huegemea mbele kama mara 100,000. Zao huondoka kwenye msawazo likiwa chumvi, na esta nyingine huvutwa kujaza pengo. Lakini ethoksaidi iliyofanya kazi hiyo imegeuka ethanoli; hairudi tena. Kila molekuli ya zao humeza besi moja. Gramu 3.4 ni moli 0.05, basi zao haliwezi kuzidi sana gramu 6.5. Alihitaji gramu 34.

Ukitaka ushahidi, jaribu ethili isobutireti kwa ethoksaidi ile ile. Esta hii ina haidrojeni moja tu jirani na kabonili, na hiyo huondoka wakati wa kuungana. Zao halibaki na protoni ya kunyakuliwa katikati, na mmenyuko hausogei hata ukijaza besi. Tena, ukichukua zao la aina hiyo lililotengenezwa kwa njia nyingine ukalichemsha na ethoksaidi, litakatika lirudi kuwa esta.

Kwa hiyo mwishoni usishangae kukuta chumvi badala ya kimiminika unachokitafuta. Poza chupa, tia asidi ya asetiki polepole mpaka besi iishe, ndipo zao lirudishiwe protoni yake. Tone lake kwenye kloridi ya chuma(III) hutoa rangi ya zambarau nyekundu. Chupa ya yule kijana ilitoa rangi hiyo, ila hafifu.